Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchoma usanidi wa FPGA kwenye flashi ya nje ili ujipakie umeme unapowashwa

Majibu haya yanafuata bodi moja tangu mwanzo hadi mwisho: FPGA ya Artix-7 aina ya XC7A35T, flashi ya SPI ya megabaiti 16 pembeni yake, na programu ya Vivado kwenye kompyuta. Nimechagua kuifuata moja kwa sababu mambo yanayomkwamisha mtu hapa yamo ndani ya undani wake, na undani huo hutofautiana kati ya familia na familia. Mwenye chipu nyingine atauona mwendo uleule, ila majina ya pini na namba atazitafuta kwenye hati za chipu yake.

Dizaini yangu inafanya kazi vizuri nikiipakia kwa kebo ya JTAG. Nikizima umeme, inapotea. Bodi imeharibika?

Haijaharibika. FPGA ya aina hii huhifadhi usanidi wake kwenye seli za SRAM, na seli hizo husahau kila kitu umeme ukikatika. Ulichofanya kwa kebo ni kuzijaza kwa muda tu. Ili dizaini irudi yenyewe, lazima iwepo nakala mahali pasiposahau, na FPGA iambiwe ikaisome pale. Mahali hapo ndipo flashi.

Ni nini hasa kinachotokea kati ya kuwasha umeme na dizaini kuanza kazi?

Nakuomba usome jibu hili polepole hata kama unataka amri tu, maana karibu kila hitilafu utakayokutana nayo ni hatua mojawapo ya hizi iliyokatikia njiani.

Umeme ukiwaka, FPGA husubiri volti zake zifike, zikiwemo VCCINT ya ndani, VCCAUX, na VCCO_0 inayolisha pini za usanidi. Zikitosha, huanza kufuta kumbukumbu yake, na muda wote huo inaivuta pini ya INIT_B chini. Ikimaliza kufuta huiachia. INIT_B inapopanda juu, FPGA husoma pini tatu za modi, M2, M1 na M0. Ikikuta 001, inajua kwamba yenyewe ndiyo mkubwa na flashi ndiyo mtumishi.

Hapo huanza kutoa mapigo ya saa kwenye pini ya CCLK, kwa kasi ya takriban megahezi 3, na kuituma flashi amri ya kusoma, 0x0B, kuanzia anwani ya sifuri. Biti zinaanza kuingia moja moja. FPGA haizijali mpaka ione neno la ulinganifu, AA995566. Baada ya neno hilo ndipo kila kinachoingia huchukuliwa kuwa maagizo: ongeza kasi ya saa, hamia kwenye waya nne, jaza seli hizi, hakiki jumla ya CRC. CRC ikilingana, FPGA huamsha dizaini na kuiachia pini ya DONE ipande juu. Kwenye bodi nyingi pini hiyo imeunganishwa na taa.

Shika jambo moja hapo: amri ya kusoma hutumwa mara moja. Ikiwa flashi haikuisikia, FPGA haiulizi tena. Itaendelea kupiga saa na kusubiri AA995566 ambayo haitakuja. Tutalirudia jambo hili chini, kwa sababu lilinigharimu siku tatu.

Pini za modi nazipanga wapi?

Kwenye bodi ya kujifunzia kwa kawaida kuna jampa iliyoandikwa MODE au QSPI. Iweke upande wa flashi. Kwenye bodi uliyochora mwenyewe, ziunganishe kwa rezista ili M2 na M1 ziwe chini na M0 juu. JTAG hufanya kazi vyovyote pini hizi zilivyo, kwa hiyo kuzipanga kwa ajili ya flashi hakukuzuii kutumia kebo. Hilo hilo ndilo huwafanya watu wasiione jampa iliyokaa vibaya: kebo inaendelea kufanya kazi, nao wanadhani modi iko sawa.

Faili la kuchoma nalitayarishaje?

Kuna sehemu mbili. Kwanza, weka mistari hii kwenye faili lako la masharti, lile la XDC, kabla ya kutengeneza faili la usanidi:

```
set_property CFGBVS VCCO [current_design]
set_property CONFIG_VOLTAGE 3.3 [current_design]
set_property CONFIG_MODE SPIx4 [current_design]
set_property BITSTREAM.CONFIG.SPI_BUSWIDTH 4 [current_design]
set_property BITSTREAM.CONFIG.CONFIGRATE 33 [current_design]
set_property BITSTREAM.CONFIG.SPI_FALL_EDGE YES [current_design]
```

Miwili ya mwanzo inasema pini za usanidi zinalishwa kwa volti 3.3, badilisha ikiwa zako ni 1.8. Inayofuata inaeleza kwamba flashi itasomwa kwa waya nne na saa ya megahezi 33. Wa mwisho una manufaa kuliko unavyoonekana. Flashi hutoa biti mpya saa inaposhuka, na FPGA kwa kawaida huisoma inapopanda, yaani nusu mzunguko tu baadaye. Mstari huo huifanya isubiri mpaka saa ishuke tena, na biti inapata mzunguko mzima wa kutulia.

Sehemu ya pili ni kulibadilisha faili la `.bit` liwe la flashi:

```
write_cfgmem -format mcs -size 16 -interface SPIx4 \
  -loadbit "up 0x0 top.bit" -file top.mcs
```

Namba 16 ni ukubwa wa flashi kwa megabaiti. Watengenezaji wa flashi huandika kwa megabiti, kwa hiyo chipu iliyoandikwa 128 ni ya megabaiti 16. Na `-interface` lazima ikubaliane na waya ulizotaja kwenye XDC. Ukisema x4 huku na x1 kule, amri itakataa.

Kwa nini nisichome lile faili la `.bit` moja kwa moja?

Lina kichwa cha maandishi mbele yake chenye jina la dizaini, chipu na tarehe, na Vivado inahitaji muundo unaosema kila baiti inakwenda anwani gani. Faili la MCS lina anwani hizo. La BIN ni baiti tupu kuanzia sifuri. Kwa bodi yetu lolote kati ya hayo mawili linafaa.

Kuchoma kwenyewe kunakwendaje?

Fungua `Hardware Manager`, unganisha bodi, bofya chipu kwa kitufe cha kulia na uchague `Add Configuration Memory Device`. Utapewa orodha ndefu ya flashi. Usikisie: soma namba iliyo mgongoni mwa chipu, kwa lenzi ikibidi, kisha utafute jina linalolingana. Chagua faili lako la MCS, acha alama kwenye kufuta, kuandika na kuhakiki, kisha ubonyeze OK.

Kebo yako haiifikii flashi. Waya za JTAG zinaishia kwenye FPGA. Kwa hiyo Vivado kwanza huipakia FPGA dizaini ndogo ya daraja, inayopokea data kwa JTAG na kuipeleka kwa SPI. Ndiyo maana dizaini yako huzimika mara tu uchomaji unapoanza, na ndiyo maana mwishoni bodi inabaki kimya hata kama kila kitu kimefaulu: ndani ya FPGA bado limekaa daraja. Zima na uwashe umeme, au bonyeza kitufe cha PROG, au andika:

```
boot_hw_device [current_hw_device]
```

Watu wengi huchoma mara ya pili na ya tatu wakidhani ya kwanza haikushika, kumbe walikosa kuwasha upya tu.

Upakiaji huchukua muda gani?

Hesabu yake ni rahisi. Usanidi wa XC7A35T usiobanwa una biti 17,536,096, haijalishi dizaini yako ni taa moja inayomweka au prosesa nzima. Kwa mipangilio ya kawaida ya waya moja na megahezi 3, gawanya: karibu sekunde 5.8. Kwa waya nne na megahezi 33, zinapita biti milioni 132 kwa sekunde, na kazi inaisha kwa sekunde 0.13 hivi. Kama bodi yako ilikuwa inachukua sekunde sita kuamka, sasa unajua ni kwa nini na pa kugusa.

Lakini saa hii hutengenezwa ndani ya chipu bila kristali, na mtengenezaji anaruhusu ipotoke kwa asilimia 50. Ile 33 inaweza kuwa 16.5 au 49.5. Hivyo basi, flashi yako na njia za shaba lazima zivumilie karibu megahezi 50, na mfumo wako lazima uvumilie kusubiri mara mbili ya muda uliouhesabu. Sipendi kuona mtu akiweka 66 kwa sababu tu flashi yake imeandikwa inafika megahezi 80.

Unaweza pia kubana faili kwa `BITSTREAM.GENERAL.COMPRESS TRUE`. Dizaini ndogo hupungua sana, iliyojaa haipungui kitu. Ukiutumia, usitegemee muda wa leo kubaki uleule dizaini ikikua.

Nimechoma, uhakiki umepita, nimewasha upya, na taa ya DONE haiwaki. Nianzie wapi?

Usichome tena. Uhakiki ukipita, yaliyomo ndani ya flashi ni sahihi, na kuyaandika upya kutakurudisha palepale. Iulize FPGA yenyewe ilikofika. Bodi ikiwa imewashwa na imekwama, unganisha kebo bila kupakia chochote, kisha:

```
refresh_hw_device [current_hw_device]
report_property [current_hw_device] REGISTER.CONFIG_STATUS.*
```

Itatoa orodha ya biti za rejista ya hali. Mimi huzisoma kwa mpangilio huu.

Naanza na zile tatu za modi. Kama hazisomeki 001, umemaliza: jampa au rezista iko mahali pasipo pake.

Kama modi ni sahihi, naangalia `CRC_ERROR` na `IDCODE_ERROR`. Ya pili ikiwa 1, faili lilitengenezwa kwa chipu nyingine. Ya kwanza ikiwa 1, FPGA iliiona AA995566 na ikaanza kusoma, lakini biti ziliharibika njiani. Utaona pia INIT_B iko chini. Hapo mshukiwa ni kasi ya saa au ubora wa njia. Rudisha CONFIGRATE hadi 3 na waya moja. Ikikubali, panda ngazi moja moja.

Hali inayowachanganya watu zaidi ni ya tatu: modi ni 001, hakuna kosa lolote, INIT_B iko juu, na DONE iko chini. Hakuna anayelalamika. Maana yake ni kwamba FPGA bado inasubiri neno la ulinganifu na haijawahi kuliona. Ama flashi ni tupu, ama haijaunganishwa vizuri, ama haikuisikia amri ya kusoma.

Nikibonyeza PROG dizaini inapakia. Nikizima na kuwasha umeme, haipakii. Inawezekanaje?

Hii ndiyo iliyonila siku tatu, kwenye bodi niliyoichora mwenyewe. Kila nilipobonyeza PROG, DONE iliwaka papo hapo. Kila nilipochomoa umeme na kuchomeka tena, kimya. Nilibadilisha faili, nikapunguza kasi, nikabadilisha hata chipu ya flashi. Rejista ya hali ilikuwa ileile kila mara: modi 001, hakuna kosa, INIT_B juu, DONE chini.

Jibu lilikuwa ndani ya tofauti ya matukio hayo mawili. Ukibonyeza PROG, flashi imeshakuwa na umeme kwa muda mrefu. Ukiwasha bodi, FPGA na flashi zinaamka pamoja, na yule anayechelewa anapitwa. Mimi nilikuwa nimeipa flashi regulata yake peke yake, nikiamini nailinda dhidi ya kelele. Nilipoweka oskiloskopu, ncha moja kwenye umeme wa flashi na nyingine kwenye CCLK, nikaona mapigo ya saa yakianza huku volti ya flashi bado iko chini ya 2. Amri ya 0x0B ilitumwa kwa chipu iliyokuwa bado imelala. FPGA haiulizi mara mbili.

Kwa kawaida FPGA huchukua makumi kadhaa ya milisekunde tangu volti zake zitimie mpaka ianze kusoma, na muda huo huitosha flashi iliyo kwenye njia ileile ya umeme na VCCO_0. Kwa hiyo dawa ya kudumu ni hiyo: zilishe kutoka regulata moja. Bodi ikiwa imeshatengenezwa, icheleweshe FPGA kwa kuishikilia INIT_B chini mpaka flashi iwe tayari. Tumia chipu ndogo inayolinda volti, ile ambayo pini yake ya kutolea huvuta chini tu bila kusukuma juu, kwa sababu FPGA nayo huivuta INIT_B na hutaki zigombane. Ndivyo nilivyoiponya yangu, na tangu hapo haijakosa kuamka.

Hapa kuna mtego. Akili ya kwanza hukutuma kuishikilia PROGRAM_B, kwa kuwa ndiyo pini ya kuanzisha upya. Kwenye familia hii, PROGRAM_B iliyokuwa chini tangu umeme unawaka haizuii usanidi kuanza. Ni INIT_B ndiyo inayozuia.

Kwa waya moja inapakia, kwa waya nne haipakii. Waya zangu nimezipima, ziko sawa.

Flashi nyingi za SPI zina pini mbili zenye kazi mbili: ya kuzuia uandishi na ya kusimamisha mazungumzo. Kwenye usomaji wa waya nne, pini hizo zinageuka kuwa waya za data. Ruhusa ya kugeuka inakaa kwenye biti moja ya kudumu ndani ya flashi, inayoitwa QE. Ikiwa 0, pini hizo mbili hazitoi data, na FPGA inapohamia amri ya waya nne, 0x6B, inapokea takataka.

Ukichoma kwa Vivado na ukachagua jina sahihi la flashi, biti hii huwashwa kwa niaba yako. Tatizo huja flashi ilipochomwa kwa mashine nyingine kabla ya kubandikwa kwenye bodi, au ulipochagua jina la flashi inayofanana tu na yako. Ndiyo sababu nilisisitiza usome mgongo wa chipu.

Naweza kuhifadhi data yangu kwenye flashi hiyo hiyo?

Ndiyo, nafasi ni tele. Biti zile 17,536,096 ni baiti 2,192,012, kwa hiyo usanidi unaishia kabla tu ya anwani 0x21728C. Usianze hapo hapo. Flashi hufutwa kwa sekta nzima, na data iliyo kwenye sekta moja na mwisho wa usanidi itafutwa siku utakapochoma dizaini mpya. Mimi huanza 0x400000 na kusahau habari ya mipaka. Wakati wa kuchoma, hakikisha Vivado imeambiwa ifute eneo la faili tu, siyo chipu nzima.

Kutoka ndani ya dizaini, waya za data za flashi utazifikia kama pini za kawaida, lakini CCLK siyo pini ya kawaida. Huwezi kuitaja kwenye XDC. Saa yako lazima ipitie kwenye kipengele kiitwacho `STARTUPE2`, mlango wake wa `USRCCLKO`. Mapigo machache ya mwanzo hupotea pale, kwa hiyo tuma mapigo ya bure kabla ya amri yako ya kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, bodi imekufa?

Ikiwa una kebo, hapana. Flashi itakuwa na nusu ya faili, DONE haitawaka, lakini JTAG haitegemei flashi hata kidogo. Choma tena tangu mwanzo.

Kwa bodi inayojisasisha ikiwa mbali, mahali ambapo hakuna atakayepeleka kebo, usiiandike anwani ya sifuri. Weka pale dizaini ya akiba iliyojaribiwa na usiiguse tena, kisha toleo jipya liandike juu zaidi, tuseme 0x800000. Dizaini ya akiba hupewa anwani ya kurukia kwa `BITSTREAM.CONFIG.NEXT_CONFIG_ADDR`, na zote mbili huwekewa `BITSTREAM.CONFIG.CONFIGFALLBACK ENABLE`. Toleo jipya likishindwa CRC, FPGA hurudi sifuri yenyewe. Kabla ya kuipeleka bodi huko, ijaribu mezani: haribu kwa makusudi baiti chache katikati ya toleo jipya, zima, washa, uone kama kweli inarudi. Kisha rudia ukiwa umelifuta toleo hilo lote, kwa maana hapo hakuna CRC ya kushindwa wala neno la ulinganifu la kuonekana. Kinachoiokoa FPGA katika hali hiyo ni kihesabu muda chake cha ndani, na lazima ukiwashe kwa `BITSTREAM.CONFIG.TIMER_CFG` kikiwa na muda mrefu kuliko upakiaji wako wa polepole kabisa.